Mtoto anapochanganya mzingo na eneo

Mama mmoja wa Ikungi ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano. Binti anasoma Kiswahili vizuri na anasimulia hadithi kuliko kaka zake, lakini hesabu za maumbo zimemshinda kabisa. Akiulizwa mzingo anazidisha, akiulizwa eneo anajumlisha. Bado anahesabu kwa vidole, na akitumwa dukani hajui chenji imetimia au la. Darasani ameshaitwa mvivu, na sasa siku zenye kipindi cha hisabati anaamka analalamika tumbo.

Siwezi kusema binti huyu ana nini kwa kusoma ujumbe wa simu. Lakini dalili hizo zikikaa pamoja kwa miaka, wakati masomo mengine yanakwenda vizuri, zinanifanya nifikirie diskalkulia. Huu ni ugumu wa kujifunza unaogusa namba. Ubongo haushiki haraka wingi wa vitu, na jibu la 6 × 7 lililokaririwa leo kesho halipo. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya, na watafiti wengi hukadiria kwamba watoto 3 hadi 7 katika kila 100 wanao. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha, wala dawa. Kabla ya kufika huko, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio, kwa sababu asiyeona ubao naye hukosea hesabu.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Mtazame swali la kawaida la ubaoni: mstatili ABCD una urefu sm 14 na upana sm 9, tafuta mzingo na eneo. Mtoto huyu anakutana na herufi nne, namba mbili, kipimo, kanuni mbili zinazofanana na jedwali la kuzidisha, vyote kwa mkupuo. Umbo lenyewe, ambalo pengine angelielewa, limefunikwa na alama. Kazi yetu ni kulifunua umbo kwanza, alama zije baadaye na zije chache.

Anza na mzingo peke yake, na siku hiyo usitaje eneo kabisa. Chukua kamba, mwambie aizungushe ukingoni mwa meza mpaka irudi ilikoanzia, aikate, kisha ainyooshe sakafuni. Hiyo kamba ndiyo mzingo wa meza. Hakuna namba bado. Mwache afanye hivyo kwa daftari, kwa sinia, kwa mkeka.

Akishazoea, kata vijiti vya ufagio vyenye urefu sawa, tuseme sm 5 kila kimoja. Mpangie mstatili wa vijiti 4 upande mrefu na 3 upande mfupi. Avitoe kimoja kimoja kuuzunguka, avipange kwa mafungu ya vitano ili asipotee njiani. Atapata mafungu mawili na vijiti vinne, yaani 14.

Eneo liwe siku nyingine. Kata boksi gumu upate vipande vya mraba, na hapa uwe makini: kila upande wa kipande ulingane na kijiti, sm 5 kwa sm 5, la sivyo havitajaa ndani ya mstatili. Najua vizibo vya soda ndivyo vimezoeleka kwa kuhesabia, lakini kwa eneo havifai. Ni vya duara, vinaacha mapengo, na mtoto hawezi kuona kwamba ndani pamejaa. Vipande vya boksi vitakaa safu 3, kila safu vipande 4. Aguse kila safu akihesabu 4, 8, 12. Asizidishe kwanza.

Hapo ndipo kosa moja hujitokeza mara nyingi. Ukimuuliza tena mzingo wa mstatili huo, anaweza kujibu 10. Usimkemee, jibu hilo lina habari ndani yake. Amehesabu vipande vilivyo pembezoni, ambavyo kweli ni 10, badala ya kuhesabu kingo zake. Kipande cha kwenye kona kina kingo mbili zinazotazama nje, naye amekihesabu mara moja. Mrudishie vijiti, avilaze kwenye kila ukingo wa nje, ataona 14 kwa macho yake. Kisha apake ukingo rangi nyekundu na ndani rangi ya bluu. Rangi hizo zisibadilike mpaka mada iishe.

Kwa watu wa Singida nina zoezi ninalolipenda: banda la kuku. Mpe vijiti vile vile 14, umwambie ni uzio uliopo, ajenge mabanda tofauti. La 4 kwa 3 litaingia vipande 12. La 5 kwa 2 litaingia 10. La 6 kwa 1 litaingia 6 tu, na kuku watabanana. Uzio ni ule ule, nafasi ya ndani imebadilika. Mtoto aliyejenga mabanda hayo matatu kwa mkono wake ana sababu ya kutofautisha mzingo na eneo, jambo ambalo kanuni peke yake haikumpa.

Baada ya vitu vije vichoro. Achore mstatili ule ule kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, umbo moja kwa kila ukurasa. Alama zije mwisho. Badala ya kanuni yenye mabano, aandike mzingo kama anavyotembea: 4 + 3 + 4 + 3. Eneo aandike 4 + 4 + 4, na baadaye 4 × 3 huku kadi ya jedwali la kuzidisha ikiwa mezani. Wapo watakaosema kadi ni udanganyifu. Mimi sikubali, kwa sababu somo la leo ni umbo, na jedwali lina siku yake.

Usiondoe vijiti mapema. Mpe umbo jipya siku nyingine umuulize atahesabu nini kabla hajahesabu chochote. Akisema ukingo au ndani bila kubahatisha, yuko tayari kwa vichoro. Akirudi kuzidisha kila namba anayoiona, mmeharakisha.

Njia hii haitamfanya akumbuke jedwali, na huenda akabaki mtaratibu wa kuhesabu hata akikua. Wenye diskalkulia wengine hupata shida hata na umbo lenyewe, wakihitaji kamba na vijiti kwa wiki nyingi zaidi. Kwenye mtihani vijiti havitakuwepo, hivyo mzoeze kuchora kimstatili kidogo pembeni na kuandika namba kwenye pande zote nne kabla ya kujibu.

Nilimshauri mama aende kwa mwalimu wa hisabati na vipande vyake vya boksi mkononi, aombe mambo mawili: binti apewe maswali 3 badala ya 10, na kichoro cha pembeni kisihesabiwe uchafu wa daftari. Darasa la wanafunzi wengi halimpi mwalimu muda wa zaidi ya hapo. Shule ikikosa mtu wa kumtathmini mtoto, muulizeni afisa wa elimu maalumu katika halmashauri yenu. Walimu wa fani hiyo husomea Chuo cha Patandi, Arusha, na yeye ndiye anayeweza kujua waliopo karibu nanyi.