Hogo la miezi mitatu linatunyima mawinga

Jioni moja pale Kendwa, maji yametoka na mchanga umekaza, vijana walikuwa wanapiga mechi yao ya ufukweni kama kawaida. Winga mmoja, jamaa mwenye mbio za hatari, alikata kwenda kushoto akasikia kishindo nyuma ya mguu. Akageuka kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke. Hakukuwa na mtu. Beki alikuwa mita tatu mbele yake, ameduwaa.

Wanaoijua kano ya kisigino, ile inayoitwa Akilesi, wanaijua hadithi hiyo. Ikikatika unahisi umepigwa na mtu. Jamaa alifanyiwa upasuaji, ncha mbili zikashonwa, akafungwa hogo kuanzia chini ya goti. Wazee wake wakamwambia, "Mwanangu, tulia, usikanyage mpaka ipone." Akatulia kweli. Akakaa na hogo karibu miezi mitatu. Lilipofunguliwa, kigimbi kilikuwa kimekwisha, na mpaka leo hawezi kusimama kwa vidole vya mguu ule mmoja. Kidonda kimepona vizuri, ila mbio ndiyo hazipo.

Nasema wazi: tatizo halikuwa upasuaji, tatizo ni kule kutulia. Na najua nitabishiwa, maana kwetu mgonjwa anayekanyaga mapema anaonekana mkaidi.

Hebu tuangalie kano inavyopona. Siku za mwanzo, kama wiki moja hivi, mahali palipokatika pana damu iliyoganda, pamevimba, na chembe za mwili zinafagia takataka. Hapo hakuna kano mpya ya maana. Kinachoshika mguu wako ni uzi wa daktari. Halafu inakuja awamu ya pili, mpaka wiki ya sita au zaidi, ambapo mwili unamwaga nyuzi mpya za kolajeni kwa haraka. Lakini hizi za kwanza ni nyembamba na zimekaa ovyo ovyo, kama makumbi yaliyotolewa majini kabla mtu hajayasokota. Awamu ya tatu ndiyo ya kusuka: nyuzi nyembamba zinabadilishwa na nene, zinapangwa kufuata mstari mmoja. Hii inaweza kwenda mwaka na zaidi.

Sasa swali la msingi. Nani anaziambia nyuzi zipange mstari gani? Ni mvuto. Chembe zinazotengeneza kano zinahisi zinapovutwa, na zikihisi zinaongeza kazi na kuzielekeza nyuzi upande wa mvuto. Anayesokota kamba ya makumbi anajua kwamba bila kuivuta anabaki na fundo la nywele. Mguu ukilala kwenye hogo wiki kumi, chembe hazina habari kwamba kuna mtu anataka kukimbia.

Watafiti wa Linköping, Uswidi, wamelijaribu hili kwa panya. Panya waliozuiwa kuutumia mguu, kano yao iliyokatwa ilipona ikiwa dhaifu sana ukilinganisha na wale walioachwa watembee. Lakini kilichonishangaza mimi ni hiki: wale waliozuiwa kutwa nzima kisha wakapewa dakika chache tu za kukimbia kila siku, kano yao ilipata nguvu zaidi ya wale walionyimwa kabisa. Kwa hiyo hatuzungumzii kumtoa mtu kitandani akapige krosi. Kinachotakiwa ni dozi ndogo, kila siku, iliyopimwa.

Chukua David Beckham. Aliumia Machi 14, 2010 akiwa na AC Milan dhidi ya Chievo, kesho yake akapasuliwa Turku, Finland, na Sakari Orava. Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita, lakini Septemba 11 mwaka huohuo alikuwa uwanjani tena na LA Galaxy, akiwa na miaka 35. Miezi sita hiyo kwa kano iliyokatika haipatikani kwa kulala.

Ratiba zinatofautiana kwa daktari na daktari, ila mwendo wake unafanana. Wiki mbili za mwanzo mguu unafungwa vidole vikiwa vimeelekea chini ili kidonda kifunge na ncha zisiachane. Baada ya hapo hogo linatoka, anavaa kiatu kirefu kigumu chenye vipande vya kuinua kisigino, anaanza kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Akiwa amekaa anavua, anachezesha kifundo: vidole chini, kisha juu mpaka mguu unyooke sawa na sakafu, basi, asipite hapo. Kipande kimoja cha kisigino kinatolewa kila baada ya wiki moja au mbili. Kiatu kinaachwa karibu wiki ya nane. Ndipo anaanza kuinuka kwa vidole, miguu miwili kwanza, wa mmoja baadaye sana.

Upande wa pili wa shilingi upo, tusidanganyane. Kano ikivutwa kupita kiasi miezi mitatu ya mwanzo inaweza kukatika tena, na hata isipokatika inaweza kurefuka. Kano iliyorefuka ni kama nyavu iliyolegea: kigimbi kinavuta lakini kisigino hakipandi. Kuna njia nyepesi ya kuona dalili. Mtu alale kifudifudi, akunje magoti miguu iwe hewani. Mguu mzima vidole vinaelekea juu kiasi, ule wenye kano ndefu nyayo inalala bapa zaidi. Ukiona hivyo, punguza mvuto, umrudishe kwa daktari. Usimwambie afanye mazoezi ya kujinyoosha, utamharibu kabisa.

Hapo ndipo ufukwe wetu unapotudanganya. Watu wa Kendwa wanadhani mchanga mlaini ni rafiki wa mgonjwa. Jaribu kusimama kwenye mchanga mkavu: kisigino kinazama chini kuliko vidole, na kano inavutwa kwa nguvu, tena bila mpango. Kwa mtu wa wiki ya tisa, huo ni mtego. Bora kwanza atembee kwenye sakafu, na mchanga uliokaza wakati maji yametoka usubiri mpaka aache kuchechemea. Bahari yenyewe ndiyo hazina. Kendwa maji hayakimbii mbali kama Paje, unaweza kuingia karibu wakati wowote. Ukisimama maji ya kifua, miguu inabeba kama theluthi tu ya uzito wako. Kidonda kikiwa kimefunga kabisa na kiatu kimeachwa, kutembea humo na kuinuka kwa vidole taratibu ni dozi safi, na ni bure.

Narudi kwa winga wetu. Timu yake ilichangisha hela ya upasuaji, sadaka nzuri kabisa. Ya fiziotherapia hakuna aliyeifikiria, wala ya kile kiatu. Na vile vipande vya kisigino hata fundi viatu anaweza kuvikata kutoka soli ngumu, mtaalamu akimpa unene. Nilimuuliza kiongozi mmoja kwa nini hawakutenga fungu, akanijibu, "Kaka, si alishashonwa?"

Jamaa sasa anaingia majini kila asubuhi kabla ya kazi, dakika ishirini, mwaka mmoja umechelewa. Wiki iliyopita alinionyesha: kisigino kilipanda kama upana wa vidole viwili, kikashuka.