Kubadili Kichwa cha Picha Bila Kugusa Uso

Tuchukue mfano wa darsa la mirathi lililorekodiwa kwa sehemu tatu. Picha ya jalada ya sehemu ya kwanza, ile ionekanayo kabla video haijafunguliwa, inamwonyesha mwalimu kulia, ukuta wa kijani nyuma yake, na kushoto maandishi meupe: "Mirathi: Haki ya Binti". Sehemu ya pili inahusu wasia. Lililobaki mkononi ni faili la JPEG tu, ambamo herufi na ukuta vimekwisha kuwa kitu kimoja. Kufuta herufi hapo ni kuuchora upya ukuta uliofichwa nazo.

Wengi hubandika mstatili wa kijani juu ya maandishi ya zamani. Kiraka hicho huonekana mara moja, kwani mwanga wa ukuta hufifia kadiri unavyokwenda kushoto, ilhali kijani cha mstatili ni kimoja.

Sisi hutumia programu ya GIMP, isiyolipiwa. Kwanza tunanakili tabaka la picha, ili la chini libaki kama lilivyo. Kwenye nakala tunazungushia maandishi mstari wa uteuzi, tukipita kidogo ukingo wa herufi, kwa kuwa herufi hizo huwekewa kivuli, na kivuli kikisahauliwa, neno la zamani huendelea kusomeka. Brashi haipaki nje ya mstari huo, basi uso uko salama. Kisha tunachukua zana iitwayo Clone, tunashikilia Ctrl na kubofya ukuta safi ulio juu kabisa ya herufi, wala si pembeni yake, kwani juu na chini mwanga ni ule ule. Chanzo tunakihamisha mara kwa mara, ama sivyo doa moja la ukuta litajirudia safu nzima.

Herufi ikiwa imelala juu ya bega la mwalimu, hatumchorei kanzu. Kilichofichwa hakimo tena katika picha. Tunaweka herufi mpya mahali pale pale.

Kabla ya kuandika, tunabadili hali ya nakala iwe Difference. Pasipoguswa huwa peusi tititi. Nukta yoyote yenye mwanga usoni ina maana tumemgusa. Tukiridhika, tunarudisha Normal.

Yabaki maneno yenyewe, na hapa ndipo tunapochelewa. Mtazamaji huyachukua kuwa kauli ya mwenye uso. Mwalimu alieleza kuwa wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine wakiridhia. "Wasia kwa Mrithi Haupiti" ingemkatia kauli yake nusu, na familia ingeweza kugombana kwa nusu hiyo. Tuliandika: "Wasia kwa Mrithi: Hupita Lini?"

Maandishi hayo yamo katika tabaka lake, na faili la XCF tumelihifadhi. Sehemu ya tatu itakuwa kazi ya kuandika tu.