Kichwa kinakatwa na umbo la karatasi

Kuwalaumu vijana wa studio za Mwananyamala kwa vichwa vinavyokatwa kwenye picha si haki. Tatizo ni hesabu. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 4:3, ilhali karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni 3:2. Picha ya harusi iliyopigwa kwa simu iliyolazwa, ikijaza inchi 6 za upana, inahitaji kimo cha inchi 4.5. Karatasi ina 4 tu, hivyo robo inchi inaondoka juu na robo nyingine chini. Waliosimama mstari wa nyuma ndio wanaoumia.

Wapo watakaosema mashine ipunguze picha iingie yote. Inawezekana, lakini pembeni hubaki weupe wa theluthi ya inchi kila upande, na wateja wengi huukataa. Binafsi naupendelea, maana weupe unaweza kukatwa kwa mkasi, lakini paji la uso lililokatwa halirudi kwenye karatasi ile. Basi studio imwoneshe mteja mipaka ya karatasi kwenye skrini kabla ya kusafisha, na mpigaji aache nafasi juu ya vichwa.