Minuteri haisukumi maji: tuanze na tiyo na urefu wa tangi

Ndugu wa kooperativi, siku hizi kila kamati ya wazazi inayotaka kumwagilia shamba la masomo kwa matone inaanza na swali moja: minuteri inauzwa bei gani? Sisi tunaona swali hilo lingekuwa la mwisho. Minuteri inahesabu saa tu. Haipime maji na haiyasukume. Kama tiyo ni nyembamba na tangi iko chini, itafungua saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa hata siku moja, na mimea ya mwisho itakauka vilevile.

Tuchukue shamba la masomo sawa yale ya hapa Ndosho. Ni kwenye jiwe la volkano, hakuna mto wala kijito, na maji ni ya mvua iliyokingwa kwenye bati, ama ya bidoni. Tuseme kuna tuta 10 za mboga, kila moja mita 20 kwa sentimita 60. Hiyo ni mita mraba 120. Wakati wa kiangazi tunapanga lita 4 kwa mita mraba kwa siku, basi shamba linakunywa lita 480 kila siku, ndiyo kusema bidoni 24 za lita 20. Hesabu hii njo ya kwanza. Kama masomo hayawezi kupata bidoni 24, tupunguze tuta zibaki 5. Hakuna mashini ya kuongeza maji yasiyokuwepo.

Sasa tuone matone. Kila tuta lina tiyo moja ya matone, na tundu kila sentimita 30. Yote pamoja ni karibu matundu 660. Kwenye karatasi ya muuzaji wameandika kwamba tundu moja linatoa lita 1,6 kwa saa, lakini hiyo ni kwa presio ya bar 1. Bar 1 ni sawa na tangi iliyo juu mita 10, urefu wa nyumba ya etaji tatu. Sisi tuko na jukwaa la mita 2,5. Na maji yako na sheria yake: presio ikipungua mara nne, matone yanapungua mara mbili. Kwa presio ya mita 2 inayofika kwenye tuta, tundu litatoa karibu lita 0,7 kwa saa. Zidisha na 660, unapata karibu lita 460 kwa saa. Basi lita 480 zitatoka kwa saa moja na dakika chache. Hapo njo tunajua minuteri itapangwa namna gani, na ni hesabu ya matone imetuambia.

Lakini ile mita 2 itafika kweli? Hapa njo watu wengi wanapotea. Tuseme toka tangi hadi shamba ni mita 40. Maji yakipita ndani ya tiyo yanajisugua kwenye ukuta wake na kupoteza nguvu. Kwa lita 460 kwa saa, tiyo ya milimita 20, ambayo tundu lake la ndani ni kama 16, inakula mita 1,5 ya presio. Ya 25 inakula karibu nusu mita. Ya 32 inakula sentimita 15 tu. Unene wa tundu ukipungua nusu, hasara inapanda karibu mara 30. Kwa mtu mwenye pompi kubwa hiyo si shida, lakini sisi tuko na mita 2,5 tu kwa jumla. Tukiweka tiyo ya 32, na tukiachia filtri na minuteri sentimita 35, inabaki mita 2 kamili. Tukiweka ya 20, maji yatapungua yenyewe, na presio kwenye tuta itabaki karibu mita 1,2.

Mtu atasema: si tuache tu minuteri wazi muda mrefu zaidi? Ingekuwa sawa kama shamba lingekuwa bapa. Lakini udongo wa Ndosho unafuata jiwe, na tuta moja kuwa juu ya lingine sentimita 40 ni jambo la kawaida. Presio ikiwa mita 2, tuta hilo la juu linapata maji pungufu kidogo tu, kama sehemu 1 kwa 10. Presio ikiwa mita 1,2, linakosa karibu sehemu 1 kwa 5. Ukiongeza dakika ili la juu litosheke, la chini linapoteza maji, nayo yanazama kwenye mawe. Maji hayo mtoto aliyabeba kichwani.

Ndani ya tiyo za matone zenyewe hakuna hofu. Kwa mita 20 za tiyo ya 16, hasara haifike sentimita 2. Shida iko kwenye tiyo kubwa na kwenye mwinuko wa udongo.

Tukishamaliza hayo, tununue minuteri, na tusome karatasi yake. Ziko aina mbili. Ya kwanza inafunga kwa kipande cha mpira laini kinachosukumwa na maji yenyewe. Mara nyingi kwenye karatasi yake imeandikwa presio ya chini bar 0,5, ndiyo kusema mita 5. Tangi yetu inatoa 0,25 tu. Alama yake ni hii: inalia «klik», lakini maji hayaanze, ama yanaendelea kutiririka usiku kucha mpaka tangi inaisha. Aina ya pili ina kitufe cha mviringo chenye tundu, na mota ndogo ya pili inakizungusha. Hiyo imeandikwa bar 0, na njo inayofaa tangi ya jukwaa. Tuijaribu kwanza juu ya ndoo kabla ya kufunga kitu.

Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Funga tiyo nyembamba inayoonyesha maji mwisho wa tuta la mbali, uisimamishe wima. Maji yatapanda hadi pale presio inaishia. Yakisimama mita 2 juu ya udongo, kazi ni nzuri. Kisha weka vikombe vinne chini ya matundu, mwanzo na mwisho wa tuta la juu na la chini, kwa dakika 12. Kila kimoja kingepata karibu mililita 140. Chenye kidogo kikiwa chini ya 9 kwa 10 ya chenye kingi, kuna tiyo iliyozibika, tuta lililo juu mno, ama filtri iliyojaa majivu ya bati.

Mwisho, tuseme wazi kwa nini tunatetea minuteri hata hivyo. Kiangazi chetu kinaanza karibu Juni, na mwanzoni mwa Julai watoto wanaenda likizo mpaka Septemba. Wakati mimea ina kiu zaidi njo wakati hakuna mikono. Minuteri inaziba pengo hilo, lakini tangi ya lita 1000 inaisha kwa siku mbili. Kwa hiyo kamati ikitafuta pesa, ya kwanza iende kwa jukwaa, ya pili kwa tiyo ya 32, na ya tatu kwa mlinzi atakayejaza tangi kila siku ya pili wakati wa likizo. Minuteri inunuliwe kwa ile inayobaki.