Trilioni ya BoT: kwa nini haikugawiwa kwa wananchi?

Julai 2021, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza mkopo maalumu wa Sh1 trilioni kwa mabenki na taasisi nyingine za fedha. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwaka, kwa sharti kwamba mteja wa mwisho asitozwe zaidi ya asilimia 10. Mkulima wa Nkoaranga au mfanyabiashara wa soko la Kilombero ana haki ya kuuliza: kama Benki Kuu inaweza kutoa trilioni, kwa nini isitugawie wenyewe, benki zikakaa pembeni?

Wazo hilo si geni. Mwaka 1969 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, alitoa mfano wa helikopta inayodondosha noti juu ya mji. Tangu hapo, fedha mpya zinazotolewa bure kwa wananchi huitwa fedha za helikopta.

Ndugu yake wa mbali ni ununuzi mkubwa wa hati fungani, ulioanzishwa na Benki Kuu ya Japani mwaka 2001 na kufuatwa na ile ya Marekani mwaka 2008. Hapo hakuna anayepewa zawadi. Benki Kuu hutengeneza fedha, ikanunua hati fungani kutoka kwa mabenki na wawekezaji. Aliyekuwa na karatasi ya serikali sasa ana fedha, lakini utajiri wake haukuongezeka sana. Kinachotarajiwa ni riba za muda mrefu kushuka, ili watu wakope na kujenga.

Wanaotetea helikopta husema njia hiyo ni ya mzunguko. Benki zikiogopa kukopesha, fedha hulala kwenye akaunti zao Benki Kuu. Mwananchi aliyepewa mkononi hununua kesho yake.

Tufanye hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Trilioni moja ikigawiwa sawa, kila mmoja angepata takriban Sh16,200, na kaya ya watu watano Sh81,000. Wengine wangeweka akiba au kulipa madeni. Zitakazobaki zingefika sokoni Tengeru wiki hiyo hiyo, ilhali nyanya iliyopandikizwa leo huhitaji takriban miezi mitatu kuvunwa, na mkahawa mpya huhitaji miaka mitatu hivi. Kama mazao yalikuwa yanaoza kwa kukosa wanunuzi, helikopta imesaidia. Kama bidhaa zilikuwa chache, bei tu ndiyo hupanda. Na sehemu itakayonunua mafuta ya kula au simu kutoka nje hugeuka haja ya dola.

Ubishi wa pili uko kwenye mizania ya Benki Kuu. Inaponunua hati fungani, upande wa madeni fedha huongezeka, na upande wa mali kuna hati ya thamani inayolingana. Siku bei zikipanda, huuza hati hizo na kuzirudisha fedha. Ikigawa bure, deni linaongezeka bila mali yoyote mkabala wake. Shimo hilo hula mtaji.

Wapo wanaojibu kuwa Benki Kuu haiwezi kufilisika kwa fedha inayochapisha yenyewe. Ni kweli, lakini gharama haiishi hapo. Tangu Januari 2024 BoT huongoza uchumi kwa riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5. Trilioni ya ziada ikitapakaa kwenye mabenki, riba wanazokopeshana huporomoka, na BoT hulazimika kuinyonya kwa kuuza karatasi zake. Tuseme inalipa asilimia 5.5 kwa trilioni yote: ni Sh55 bilioni kila mwaka, bila hati yoyote ya kuingiza riba. Gawio kwa serikali hupungua, na mlipa kodi huziba pengo. Isiponyonya, hupoteza udhibiti wa bei. Wenye umri wanakumbuka miaka ya 1980, mfumuko wa bei ulipozidi asilimia 30.

Basi trilioni ya 2021 ilikuwa nini? Haikuwa helikopta, wala ununuzi wa hati fungani. Ilikuwa mkopo: kwenye mizania ya BoT kulibaki madai kwa mabenki, na yakilipwa fedha hizo hutoweka. Hata ruzuku za TASAF kwa kaya maskini si helikopta, kwa kuwa hutoka kwenye bajeti, mikopo na misaada.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba hasara ya mteja asiyelipa humwangukia benki, si BoT. Kwa hiyo riba inaweza kushuka, lakini mkulima wa miteremko ya Meru mwenye shamba la urithi lisilo na hati bado huulizwa dhamana. Helikopta ingemfikia bila swali hilo. Ila angepokea Sh16,200, wakati mche, mbolea na kibarua vinadai mtaji mkubwa zaidi ya huo.