Usitolewe macho na asilimia 44

Juma lililopita mama mmoja jirani yetu hapa mtaani Jamhuri alibisha hodi jioni, mkononi ameshika karatasi mbili. Alikuwa amelipwa shilingi 100,000 na chama chao cha akiba, na alitaka kuziweka mahali zizae kwa miaka minne hivi, mpaka kifungua mimba wake aingie chuoni. Vyama viwili vya uwekezaji vilikuwa vikimwita, na kila kimoja kilimpa hesabu ya miaka mitano.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nimeshaamua. Hiki kilipata asilimia 44 kwa mwaka mmoja. Nimekuja tu unisomee haya maandishi madogo."

Nikamwomba tukae mezani kwanza tuzitazame hesabu zote mbili. Tukaziandika hivi. Chama cha Kwanza, ambacho hununua hisa kwenye soko la Nairobi, kilipata asilimia 44 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kikapoteza asilimia 4, wa tatu kikapata 28, wa nne sufuri, na wa tano 12. Chama cha Pili, chenye hisa chache na bondi nyingi, kilipata 12, kisha 16, kisha 8, kisha 20, na mwisho 9.

Ukijumlisha na kugawanya kwa 5, Chama cha Kwanza kina wastani wa asilimia 16 kwa mwaka na cha Pili kina 13. Hapo ndipo wengi wetu huweka kalamu chini. Kumi na sita inazidi kumi na tatu, basi biashara imekwisha. Lakini wastani huficha jambo moja kubwa, nalo ni kiasi ambacho pesa zilitikisika njiani.

Wakazi wa Nairobi wanaujua mtikisiko huo. Mwaka 2008 watu walipanga foleni ndefu katikati ya jiji kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na baadhi yao walikopa. Mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyevumilia alifurahi baadaye, kwani mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Aliyeinunua kwa bei hiyo ya juu naye alilia, maana mwaka 2023 ilianguka chini ya 20. Kampuni ni moja na hisa ni ile ile. Tofauti ni siku uliyoingia na siku uliyolazimika kutoka.

Mwaka 1966 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, William Sharpe, alichapisha utafiti kuhusu mifuko 34 ya uwekezaji ya huko kwao. Hakutaka kuipanga kwa faida peke yake, bali aliuliza kila mfuko ulilipa kiasi gani kwa kila kipande cha mtikisiko uliombebesha mteja. Kipimo chake leo kinaitwa kwa jina lake. Sharpe alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1990, pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller. Kipimo chenyewe ni hiki:

Kipimo cha Sharpe = (wastani wa faida − riba ya Hazina) ÷ mtikisiko

Kwa nini tutoe riba ya Hazina kwanza? Kwa sababu ukiikopesha Serikali kwa kununua hati za Hazina za siku 91 kupitia Benki Kuu, pale barabara ya Haile Selassie, utalipwa riba bila kuhangaika na kupanda na kushuka kwa soko. Faida hiyo si matunda ya ujasiri wa mtu yeyote. Meneja wa chama anastahili kusifiwa kwa kile tu alichoongeza juu yake. Tuseme kwa wastani riba hiyo ilikuwa asilimia 8 katika miaka hiyo mitano. Basi Chama cha Kwanza kiliongeza 16 toa 8, yaani 8, na Chama cha Pili 13 toa 8, yaani 5.

Sasa tuupime mtikisiko. Wanafunzi wataukumbuka kwa jina la mkengeuko sanifu. Chukua Chama cha Kwanza, uone kila mwaka ulikuwa mbali kiasi gani na wastani wa 16. Mwaka wa kwanza ulizidi kwa 28, wa pili ulipungua kwa 20, wa tatu ulizidi kwa 12, wa nne ulipungua kwa 16, na wa tano ulipungua kwa 4. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 784, 400, 144, 256 na 16. Jumla ni 1,600. Kwa kuwa miaka ni 5 tunagawanya kwa 4, moja pungufu, tupate 400. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20. Huo ndio mtikisiko wa Chama cha Kwanza, asilimia 20.

Fanya vivyo hivyo kwa Chama cha Pili. Umbali kutoka 13 ni 1, 3, 5, 7 na 4. Ukizidisha kila moja kwa yenyewe unapata 1, 9, 25, 49 na 16, jumla 100. Gawanya kwa 4, pata 25. Kipeuo chake ni 5.

Tumefika. Chama cha Kwanza ni 8 gawanya kwa 20, yaani 0.4. Chama cha Pili ni 5 gawanya kwa 5, yaani 1. Kwa kila asilimia moja ya mtikisiko, Chama cha Kwanza kilimlipa mwanachama nusu asilimia haijafika, na cha Pili kilimlipa asilimia nzima.

Mama yule akanitazama. "Lakini Mwalimu, mtoto hatalipiwa karo kwa kipimo. Atalipiwa kwa shilingi."

Maneno ya haki kabisa. Tukazihesabu shilingi. Aliyeweka 100,000 katika Chama cha Kwanza tangu siku ya kwanza alikuwa na takriban 198,000 mwisho wa miaka mitano, na wa Chama cha Pili alikuwa na 183,500. Kwa hiyo asilimia 44 haikuwa uongo. Ila ilimfaa tu yule aliyekuwa ndani mwaka ule. Mwenzake aliyesikia sifa na kuingia mwaka mmoja baadaye, kama mama huyu anavyotaka kufanya sasa, alimaliza miaka minne akiwa na 137,600. Hati za Hazina zingempa 136,000. Alikosa usingizi miaka minne kwa ajili ya shilingi 1,600! Naye aliyechelewa mwaka huo huo kuingia Chama cha Pili alitoka na karibu 163,900. Penye mtikisiko mkubwa, siku ya kuingia ndiyo inayoamua, na siku hiyo hakuna ajuaye kuichagua.

Kipimo hiki kina siri nyingine ambayo mara nyingi haielezwi. Kinakuwezesha kulinganisha vyama viwili baada ya kuvisawazisha. Tuseme unakipenda Chama cha Kwanza ila mtikisiko wa 20 unakutisha. Weka robo ya pesa humo na robo tatu katika hati za Hazina. Mtikisiko wako utashuka hadi robo, yaani 5, sawa na Chama cha Pili. Na faida? Robo ya 16 ni 4, na robo tatu ya 8 ni 6, jumla 10. Chama cha Pili, kwa mtikisiko ule ule wa 5, kinalipa 13. Hapo ndipo unaona maana ya 0.4 na 1: ukiwapandisha wote wawili gari linaloyumba sawasawa, mmoja anakufikisha mbali zaidi.

Lakini usikifanye kipimo hiki kuwa mganga. Kwanza, kinapokuwa chini ya sufuri hakisemi kitu. Mwanzoni mwa 2012 riba ya hati za siku 91 hapa Kenya ilipita asilimia 20. Ukitoa 20 kwenye hesabu zetu, Chama cha Kwanza kinapata −0.2 na cha Pili −1.4, na yule anayeyumba zaidi anaonekana bora, eti kwa sababu hasara yake imegawanywa kwa namba kubwa! Wakati kama huo jibu ni fupi: wote wawili wameshindwa na Hazina.

Pili, na hili ndilo la hatari, kipimo huamini bei kilizopewa. Kitu kisichouzwa kila siku huonekana kimetulia, kumbe hakuna aliyekitikisa. Mwaka 2015 Imperial Bank iliuza bondi ya shilingi bilioni 2, ambayo ilikuwa ianze kuuzwa katika soko la hisa tarehe 13 Oktoba. Siku hiyo hiyo Benki Kuu iliifunga benki hiyo, baada ya wakurugenzi wake kuripoti kwamba kulikuwa na shughuli haramu ndani. Kama mtu angepima mtikisiko wa bondi hiyo siku moja kabla, angepata sufuri. Utulivu ule ulikuwa wa kutopimwa.

Kule Marekani, Bernard Madoff aliwaonyesha wateja wake faida ndogo ndogo karibu kila mwezi kwa miaka mingi, bila kuyumba. Kipimo chake kilikuwa cha kupendeza mno. Mchambuzi Harry Markopolos aliliona hilo, akawaonya wasimamizi wa soko tangu mwaka 2000 kwamba hesabu kama hizo haziwezekani. Hakusikilizwa mpaka Desemba 2008, Madoff alipokamatwa, na pesa hazikuwepo. Soko la hisa la Marekani lenyewe, kwa miaka mingi, limekuwa na kipimo cha karibu 0.4. Mtu akikuletea 3 au 4, mwaka baada ya mwaka, usimpongeze. Mwulize bei zake hupangwa na nani, na nani hukagua vitabu.

Tatu, miaka mitano ni michache. Ukiufuta ule mwaka wa 44, wastani wa Chama cha Kwanza unaanguka kutoka 16 hadi 9, asilimia moja tu juu ya Hazina. Namba inayotegemea mwaka mmoja haijakomaa. Omba hesabu za miaka zaidi, au za kila mwezi.

Mama alizikunja karatasi zake taratibu. Hakuniambia ataweka wapi, nami sikumwuliza, kwani pesa ni zake. Ila pale mlangoni aligeuka. "Kesho nitarudi kwa wale wa asilimia 44," akasema. "Nitawauliza ule mwaka wa nne, wa sufuri, waliuandika wapi katika tangazo lao."