Mkopo wa bosi nao una kodi

Mfanyabiashara wa Kawempe anayemkopesha karani wake shilingi milioni 6 bila riba humpunguzia mshahara bila kujua. Mikopo ya mfanyakazi ikizidi jumla ya milioni 1, sheria ya kodi ya mapato ya Uganda hulinganisha riba yake na kiwango cha diskaunti cha Benki Kuu cha mwanzo wa mwaka wa kodi, yaani Julai 1.

Tuseme kiwango hicho ni asilimia 13. Kabla deni halijapungua, riba iliyosamehewa ni 65,000 kwa mwezi, nayo huhesabiwa kama mshahara. Karani anayetozwa asilimia 30 hukatwa 19,500.

Kenya humtoza mwajiri mwenyewe. Tunaona hiyo ni haki zaidi. Huku Kampala, karani aambiwe makato hayo kabla ya kutia sahihi.